Wafuasi wa Kimbangu tuwaweke wapi?

Mwaka 1921, Simon Kimbangu, katekista wa Kibaptisti, alianza kuombea wagonjwa kijijini Nkamba, Kongo ya Wabelgiji. Umati ukamfuata. Wakoloni walimfunga, akafia gerezani mwaka 1951.

Dini yao ilikuwa Ukristo. Kwa mwanasosholojia, hata hivyo, swali ni uhusiano wao na dini hiyo na jamii. Mwanzoni walikuwa kundi lililojitenga: walitoka ndani ya kanisa lililokuwepo, wakadai utakatifu zaidi, wakagongana na dola. Mwaka 1959 serikali iliwatambua, na mwaka 1969 wakaingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Sasa walikuwa dhehebu: lenye shule, watoto waliozaliwa humo, na amani na makanisa mengine.

Kundi geni la imani ni jambo jingine, kwani halimegeki kutoka dini iliyopo bali huleta fundisho jipya. (Magazeti hulitumia jina hilo kama tusi, nalo halipimi ukatili.) Hapa Kimbangu anatutatiza tena: kanisa lake baadaye lilifundisha kwamba yeye ni Roho Mtakatifu aliyefanyika mtu, na Wakristo wengi wakalikana.