Bango la Wakala wa Bia: Picha Ununue, Uombe au Upige?

Wakala wa bia anayetaka bango la kubandika kwenye baa za wateja wake huwa na njia tatu za kupata picha ya chupa baridi, glasi yenye povu na kaunta nyuma yake. Anaweza kuomba picha kwa kampuni ya bia, kununua iliyo tayari mtandaoni, au kumlipa mpiga picha. Watu wengi hukimbilia ya pili kwa sababu bei yake ni ndogo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Tuchukue wakala wa Dar es Salaam anayetaka mabango 200 ya ukubwa wa A2. Tuseme uchapaji ni shilingi 5,000 kwa bango, yaani milioni moja. Picha ya kununua ni 30,000, na dizaina anadai 100,000, hivyo kila bango linabeba shilingi 650 za picha na usanifu. Akimwita mpiga picha kwa 400,000, pamoja na dizaina yuleyule, mzigo huo unakuwa shilingi 2,500 kwa bango. Tofauti inaonekana kubwa hadi ukumbuke kwamba milioni ya uchapaji inalipwa kwa vyovyote vile, hata kama bango linaonyesha chupa ambayo mnywaji hajawahi kuiona.

Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Picha nyingi za mtandaoni zina chupa ndogo ya kijani ya mililita 330 na magi nene la Kizungu. Mteja wa Temeke anaijua chupa ya kahawia ya nusu lita, inayorudishwa kwenye kreti. Dizaina akibandika lebo ya hapa kwenye chupa ya kule, mabega na shingo vinamsaliti. Ukiikuta picha yenye lebo halisi, soma leseni kabla ya kulipa: nyingi za namna hiyo zinauzwa kwa matumizi ya habari tu, na tangazo la biashara haliruhusiwi.

Picha ya kampuni ya bia ni bure na kwa kawaida imepigwa vizuri. Kama unauza bia ya kampuni moja, anza hapo. Omba faili halisi, usikubali ile iliyozunguka WhatsApp. Picha iliyobanwa humo hadi pikseli 1,600 kwa upande mrefu haitoshi, maana bango la A2 lina sentimita 59.4 kwa urefu na linahitaji takriban pikseli 3,500 ili lionekane safi kwa mtu aliyekaa kaunta. Tatizo linabaki kwa wakala wa bia za kampuni mbalimbali, kwani hakuna kampuni itakayompa picha yenye chupa ya mshindani wake.

Huyo ndiye ninayemshauri alipie mpiga picha, lakini kwa chupa na glasi tu. Kaunta tupu isiyo na nembo inunuliwe mtandaoni, kisha dizaina aziunganishe. Njia hii inaokoa gharama ya kukodi baa na taa za kuimulika. Sharti ni moja: kaunta ichaguliwe kwanza, ili mpiga picha aweke taa yake upande uleule mwanga wa kaunta unakotoka.

Kazi yenyewe ina mambo ya kusimamia. Chupa zinazorudishwa huwa na mikwaruzo myeupe begani na karibu na kitako, kwa hiyo pekua kreti kadhaa upate moja safi yenye lebo iliyonyooka. Jasho la kweli kwa unyevu wa Dar hutiririka baada ya dakika chache na kulowesha lebo. Mpiga picha mzoefu hufunika lebo, akapuliza mchanganyiko wa maji na gliserini nusu kwa nusu, na matone yakaganda yalipo. Nyuma ya chupa huficha kipande cha kadi ya fedha au nyeupe kilichokatwa kwa umbo lake. Bila hicho kioo cha kahawia hutoka cheusi. Povu halisubiri. Glasi ioshwe isibaki na mafuta, taa zipangwe kwa glasi nyingine, na bia imiminwe mwishoni. Povu likishuka, chembe chache za chumvi hulipandisha tena.

Kwenye makubaliano andika kwamba utapewa faili yenye tabaka, chupa, glasi na kaunta kila kimoja peke yake, pamoja na ruhusa ya kuitumia tena. Mwakani ukichapa mabango mengine 200, ile 400,000 itagawanywa kwa 400, na bei ikibadilika utagusa maandishi tu. Kabla mashine haijaanza, lipia nakala moja ya majaribio ulitazame povu. Likiwa na rangi ya samawati au njano, rudisha faili kwa dizaina siku hiyohiyo.