Sentimita zinazopima volti

Voltimita hunyonya mkondo kidogo kutoka kwenye seli, hivyo husoma pungufu. Potenshomita haichukui chochote. Betri ya volti 2 husukuma mkondo katika waya wa mita moja wenye unene sawa. Seli inayopimwa huunganishwa chanya kwa chanya, kupitia galvanomita. Gusa waya hapa na pale, bila kuukwaruza, hadi mshale utulie kwenye sifuri.

Tuseme seli sanifu ya Weston, volti 1.0186, imetulia sentimita 50.9, na seli kavu 74.5. Zidisha 1.0186 kwa 74.5, gawanya kwa 50.9: volti 1.49.

Mshale ukielekea upande uleule waya mzima, ama umegeuza ncha za seli, ama betri kuu imechoka.