Mota Haipo, Mosfeti Zinachemka

Kijana anayejifunza kazi kwangu alinijia na bodi mkononi. "Fundi, mota nimeichomoa, lakini mosfeti bado zinaunguza kidole." Swali lake lilikuwa limeshajijibu nusu. Mota ikiwa haipo, umeme hauna njia halali ya kupita. Kitu kikichemka, basi kuna njia nyingine iliyofunguka.

Bodi ilikuwa ya kuendesha mota ya dirisha la gari, mota ya brashi ya volti 12. Mota hiyo hugeuza upande ukibadilisha waya zake: wa chanya ukienda hasi na wa hasi ukienda chanya, kioo kilichokuwa kinapanda kinashuka. Ili tusishike waya kila mara, tunapanga swichi nne kwa umbo la herufi H. Kila mguu wa H ni njia kutoka chanya hadi hasi, yenye mosfeti moja juu na moja chini. Mota inakaa kwenye kile kijiti cha katikati. Ukiwasha ya juu kushoto na ya chini kulia, mota inazunguka upande mmoja. Ukiwasha zile mbili nyingine, inarudi. Ukiwasha mbili za chini, ncha zote za mota zinakutana kwenye hasi, nayo inajifunga breki.

Kisichotakiwa kabisa ni ya juu na ya chini za mguu uleule kuwaka pamoja. Hapo chanya na hasi ya betri zinatenganishwa na mosfeti mbili tu. Tulizotumia ni IRFZ44N, ambazo kila moja ikiwaka kikamilifu ina ukinzani wa omu 0.0175. Gawanya 12 kwa 0.035, unapata zaidi ya ampea 340. Waya na betri hazitafikisha kiasi hicho, ila mosfeti hazina haja ya kusubiri kifike ndipo ziungue.

"Lakini programu yangu haiwashi zote mbili," kijana akajitetea, na alikuwa sahihi. Shida ni kwamba mosfeti haizimi palepale inapoamriwa. Geti yake ni kama ndoo ya chaji, na ndoo hiyo humwagwa kupitia rizista ya geti. Yeye alikuwa ameweka omu 220. Kwa rizista hiyo, geti ya IRFZ44N huchukua karibu mikrosekunde 2 kumwagika. Kuwaka ni kwepesi zaidi, kwa sababu geti ikifika volti 3 au 4 tu kati ya 12, umeme unaanza kupita. Kwa hiyo anayeingia huwahi na anayetoka huchelewa.

Ndiyo maana huwekwa muda mfu: kipindi kifupi ambacho mosfeti zote mbili za mguu zimeamriwa kuzima kabla ya moja kuwashwa. Chipu yetu ya kuendesha geti, IR2104, huweka muda huo yenyewe, kama nanosekunde 520. Linganisha na zile mikrosekunde 2. Mosfeti zilikuwa zinapishana mlangoni kwa takriban mikrosekunde 1 kila mguu ulipobadilika.

Ni kidogo mno, lakini mguu ule ulikuwa ukikatwa mara 20,000 kwa sekunde ili kupunguza mwendo wa mota, na kila mzunguko una mabadiliko mawili. Jumla ni milisekunde 40 za shoti katika kila sekunde. Mita ilionyesha ampea 1.2 bila mota. Tuliposhusha hadi mara 5,000, ikasoma 0.3. Mimi huamini kipimo hiki kuliko kidole: chomoa mota, badilisha kasi ya kukata, na umeme ukipanda na kushuka pamoja na kasi hiyo, mosfeti zinapishana.

Muda mfu wa IR2104 haurekebishiki, kwa hiyo tuliharakisha kuzima. Rizista za omu 10 ziliingia mahali pa zile za 220, na mita ikabaki kwenye miliampea chache. Angetaka kuwaka kubaki kwa taratibu, angeacha rizista kubwa na kuiwekea dayodi sambamba ili chaji itoke upesi.

Kijana akafurahi, akageuza mota upande wa pili ikiwa kwenye mwendo kamili. Fyuzi ikakatika. Muda mfu haukuhusika hapa. Mota inayozunguka huzalisha volti zake, tuseme 11, na ukiigeuza ghafla zinajumlika na 12 za betri. Kwa mota yenye omu 0.6, hizo ni ampea 38, karibu mara mbili ya zile 20 za kuanza ikiwa imesimama. Tulibadilisha programu: kwanza mbili za chini ziwashwe kwa milisekunde 200 mota isimame, ndipo igeuzwe.