Jina Likae Mbali na Kipimo

Katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, utafiti wa MAL-ED uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miezi 24. Kaya zilitembelewa mara mbili kwa wiki kuulizia habari za kuhara. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuyatupa majina, kwani mhudumu lazima ajue anabisha hodi kwa nani, na jibu la maabara lazima limrudie mtoto yuleyule. Kinachowezekana ni kuyatenga: faili la uchambuzi hubeba msimbo peke yake, nalo jedwali la ufunguo, lenye msimbo na jina, hukaa kwingine.

Siri huweza kuvuja mapema, katika kutunga msimbo. Watafiti hupenda herufi za mwanzo za jina kwa kuwa hukumbukika. Lakini kwa Wadatoga wa Hanang na Mbulu, majina mengi ya wanaume huanza na Gida-, na ya wanawake na Uda-. Msimbo GD-14, katika kijiji chenye Wairaqw wengi, umekwisha kudokeza kabila na jinsia. Kuligeuza jina kuwa tarakimu kwa kanuni ya kompyuta iliyo wazi nako hakusaidii: mwenye orodha ya wanakijiji ataipitisha kanuni hiyo kwa kila jina, kisha alinganishe. Namba ichaguliwe kwa bahati nasibu.

Namba tupu, hata hivyo, hukosewa kwa urahisi. Kwa hiyo tuiongezee tarakimu ya ukaguzi. Chukua 0738. Zidisha tarakimu zake kwa 2, 3, 4 na 5 kwa mfuatano, ujumlishe: 0+21+12+40=73. Gawanya kwa 11. Baki ni 7, na msimbo unakuwa 0738-7. (Namba yenye baki 10 tunairuka.) Karani akiandika 0783-7, jumla ni 68 na baki ni 2, hivyo kompyuta inaikataa kabla sampuli ya mtoto mmoja haijapewa mwingine.

Jedwali la ufunguo lifungwe kwa nywila katika kompyuta isiyo ya mchambuzi, na nakala yake itunzwe kabatini chini ya watu wawili. Fomu za ridhaa, zenye jina na saini, zisibandikwe msimbo. Nimeona zikiwekwa jalada moja na dodoso, na hapo kabati lenye kufuli halina kazi.

Maadamu ufunguo upo, taarifa hizo hazijapoteza wenyewe. Na hata ukiteketezwa, safu nyingine huweza kusema. Kaya moja ya Wahadzabe katika kitongoji, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, yatosha kumtambulisha kwa jirani yeyote. Kabla ya kulitoa faili, hesabu kila mchanganyiko wa kitongoji, kabila na umri. Wenye watu chini ya 5 uunganishwe na mwingine, kitongoji kikawa kata, na tarehe ya kuzaliwa ikabadilishwa kuwa umri kwa siku.