Namba Moja Si Lazima Iwe Kazi ya Kwanza

Mshauri akimaliza kuwasilisha slaidi zake, huacha ukurasa wa mwisho wenye mapendekezo yaliyopigwa namba. Wengi huanza na la kwanza, kana kwamba yamepanga foleni. Kumbe mara nyingi namba hizo hufuata tu mpangilio wa sura za ripoti.

Tuchukue mfano wa SACCOS ya wafanyabiashara wa sokoni inayosumbuliwa na mikopo inayochelewa kulipwa. Slaidi inasema: 1, nunueni mfumo mpya wa kompyuta, 2, boresheni mawasiliano na wakopaji, 3, imarisheni uchambuzi wa maombi, 4, fungueni tawi, 5, safisheni daftari la wanachama.

Kwanza, kila pendekezo ligeuzwe kazi ambayo mtu anaweza kusema ameimaliza. “Boresheni mawasiliano” halina mwisho. “Tumeni ujumbe wa simu siku 3 kabla ya tarehe ya rejesho” lina mwisho. La tatu linakuwa “afisa mikopo atembelee biashara ya mwombaji na kuonana na wadhamini”.

Pili, chagueni kipimo kimoja cha manufaa. Hapa ni kupungua kwa mikopo iliyochelewa. Kila kazi ipewe alama 1 hadi 5 za manufaa, na 1 hadi 5 za ugumu, yaani siku za kazi na fedha zitakazotumika. Ugumu akadirie atakayeifanya kazi yenyewe, maana mwenyekiti huona kila kitu ni cha siku mbili. Kazi zote zikipata 5 za manufaa, hamjapima. Linganisheni mbilimbili mpaka zitofautiane.

Sasa gawanyeni manufaa kwa ugumu. Ujumbe wa simu: 4 kwa 1, unapata 4. Kutembelea waombaji: 4 kwa 2, ni 2. Mfumo wa kompyuta: 4 kwa 5, ni 0.8. Kusafisha daftari: 1 kwa 2, ni 0.5. Tawi: 1 kwa 5, ni 0.2.

Hesabu hiyo isiachwe iamue peke yake. Daftari likiwa na namba za simu zilizokwisha kubadilika, ujumbe utawafikia watu wengine. Kwa hiyo ulizeni kila kazi inategemea ipi. Daftari, lililokuwa la mwisho kwenye slaidi na la nne kwenye hesabu, linapanda juu kabisa. Linafuatwa na ujumbe, kisha kutembelea waombaji. Mfumo unasubiri bajeti ya mwaka ujao, na tawi linaondolewa kwenye orodha, sababu ikiandikwa ili lisirudi kila kikao.

Mbele ya kila kazi iliyobaki andikeni jina la mtu mmoja na tarehe. Mkiandika “kamati”, kikao kijacho mtaikuta kazi ilipokuwa.