Mpe landlodi hesabu kabla ya kumpa kalamu
Tuseme ploti yenu pale Fort Ternan ina vyumba vinne kwa mita moja, na kila chumba kinatumia yuniti 28 kwa mwezi. Jumla ni 112. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: hadi yuniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Basi nyote mnalipa bei ya juu kabisa, ilhali kila mtu na mita yake angelipa ile ya chini.

Mwonyeshe mzee hesabu hiyo unapompelekea fomu ya Kenya Power atie sahihi. Akisita, mwambie, "Mzee, nikihama mita inabaki ukutani." Akikubali, tafuta fundi mwenye leseni atenganishe nyaya za chumba chako.