Je, Wajua? Tegu, kitimoto na kachumbari

Je, wajua kwamba kwenye sahani ya kitimoto, kinachoweza kukuletea kifafa si nyama, ni kachumbari?

Usicheke kwanza. Nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, ikiliwa haijaiva, humpa mlaji mnyoo tegu tumboni. Hapo ndipo kosa la nyama linapoishia. Kifafa huletwa na mayai ya mnyoo huyo, na mayai hayakai kwenye nyama. Yanatoka katika kinyesi cha mtu ambaye tayari ana tegu. Mtu huyo akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, kisha akakaa kukata nyanya na vitunguu, mayai yanahamia kwenye bakuli. Ukiyameza, yanaanguliwa ndani yako, vijidudu vinapenya ukuta wa utumbo, vinaingia kwenye damu na kwenda kutua kwenye misuli, machoni au kwenye ubongo. Huko vinajenga vifuko vilevile ambavyo vingejengwa ndani ya nguruwe. Kifuko kilicho kwenye paja huenda usikijue maisha yako yote. Kilicho kwenye ubongo ndicho kinachoangusha watu, mara nyingi miaka kadhaa baada ya mayai kumezwa.

Je, wajua kwamba kutokula nguruwe hakukukingi na ugonjwa huo?

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wanne wa jiji la New York, watu wa dini wasiogusa nguruwe kabisa, waliokutwa na vifuko vya tegu kwenye ubongo. Uchunguzi uliwafikia wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini, ambako tegu yupo. Hao ndio walioshukiwa kuwa njia. Kwa hiyo Mwislamu au Msabato wa Bukoba, anayedhani habari za kitimoto hazimhusu, zinamhusu. Jirani yake akiwa na tegu, na ndiye anayemwandalia chakula kibandani, dini ya mlaji haitazuia yai.

Je, wajua safari ya tegu kutoka choo hadi bucha?

Tuchukue mfano. Kaya moja ya Nyanga, pale Manispaa ya Bukoba, ina mtu mwenye tegu. Mnyoo anakaa kwenye utumbo mwembamba, ana urefu wa mita mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na mwili wake umegawanyika pingili pingili. Pingili za mwishoni hukatika na kutoka na kinyesi. Kila moja inaweza kubeba mayai kama 50,000. Mwenyewe mara nyingi hana habari: haumwi sana, hakondi kwa ghafla, na tegu wa nguruwe si kama yule wa ng'ombe, ambaye pingili zake hutambaa zenyewe na kumshtua mtu.

Sasa choo cha kaya hiyo hakina mlango, au mtoto anajisaidia nyuma ya migomba. Nguruwe wa jirani amefunguliwa kamba ajitafutie. Anakula kinyesi, maana nguruwe ndivyo alivyo. Akimeza pingili nzima, amemeza maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja, na baada ya miezi miwili na nusu hivi nyama yake imejaa vifuko vilivyokomaa. Akila mabaki tu, au majani yaliyochafuliwa, atapata vifuko vichache. Kumbuka tofauti hii, tutairudia.

Mvua ya Bukoba nayo ina sehemu yake. Mayai ya tegu hufa yakikaushwa na jua, lakini kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kuishi miezi. Chini ya migomba ya Nyanga au ya Muleba, unyevu na kivuli havikosekani. Nguruwe anayefugwa bandani siku zote yuko salama zaidi, ila si kabisa: mfugaji anayemkatia majani mahali watu wanapojisaidia anampelekea mayai mpaka mlangoni.

Je, wajua wachuuzi wa nguruwe hukagua ulimi kabla ya kutoa pesa?

Nguruwe hulazwa chini, kijiti huwekwa kati ya meno, ulimi huvutwa nje kwa kitambaa, kisha mnunuzi hutazama na kupapasa upande wa chini. Akigusa vinundu, vya milimita tano hadi kumi, anajua. Utaalamu ni mzuri. Tatizo ni kinachofuata: nguruwe aliyegundulika hapelekwi kwa afisa mifugo. Bei yake inashushwa, ananunuliwa na mwingine, anachinjwa alfajiri uani, na nyama inauzwa kimya kimya kabla mkaguzi hajaamka. Kipimo kilichopaswa kuwalinda walaji kinageuka kipimo cha kupunguziana bei. Mimi naona huu ndio uovu mkubwa kuliko wote katika biashara hii, kwa sababu aliyeuza na aliyenunua wote wawili walijua.

Je, wajua mkaguzi wa nyama anakata wapi, na kwa nini hapo?

Vifuko hupenda misuli inayofanya kazi bila kupumzika. Ndiyo maana kisu cha mkaguzi kinakwenda kwenye ulimi, misuli ya taya, moyo, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na misuli ya bega. Anapasua, anafunua, anatafuta kifuko cheupe kinachopitisha mwanga, chenye maji ndani na doa jeupe upande mmoja. Doa hilo ni kichwa cha mnyoo, kimekunjwa kikisubiri tumbo la mtu. Mzoga uliojaa vifuko hutupwa wote, kwa kufukiwa au kuchomwa. Nyama iliyopita hupigwa muhuri.

Lakini kisu nacho kina kikomo. Utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba kukagua ulimi hugundua nguruwe mmoja tu kati ya watano wenye vifuko, na ukaguzi wa nyama baada ya kuchinja hufanya hivyohivyo. Hapa ndipo ile tofauti ya pingili nzima na mabaki inapokuja. Aliyemeza pingili nzima, vifuko vyake vinaonekana hata na mtoto. Mwenye vifuko kumi mwili mzima anapita, kwa sababu mkaguzi hawezi kukatakata kila steki ya mwenye bucha. Kwa hiyo muhuri maana yake ni kwamba nyama ile hatari iliyojaa vifuko imeondolewa. Hiyo ni kazi kubwa. Kazi iliyobaki ni ya moto.

Je, wajua moto kiasi gani unatosha?

Kifuko hufa nyama ikifika nyuzi joto 60 hivi katikati yake, na wataalamu wengi hushauri ivuke hapo kidogo ili kuwa na uhakika. Si joto kali hata kidogo; maji yanayochemka yana karibu nyuzi 100. Neno zito hapo ni "katikati". Pande kubwa lililowekwa juu ya mkaa linaweza kuwa limekauka na kuungua nje huku ndani likiwa jekundu na vuguvugu, na mteja aliyeagiza kilo nzima ana haraka. Rosti ya vipande vidogo vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakaangwa, ni salama kuliko choma ya pande kubwa. Pasua kipande kinene kuliko vyote: kikiwa bado chekundu, au kikitoa maji yenye damu, kirudishe jikoni bila aibu. Limau na pilipili havisaidii hapa, ni ladha tu. Bia pia haisaidii, ingawa wapo wanaoapa.

Friza inaua vifuko ikiwa baridi na siku zimetimia: siku nne kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, siku tatu kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Pande lazima ligande mpaka ndani. Umeme ukikatika katikati ya siku hizo, hesabu inaanza upya.

Je, wajua kwamba vifuko vya nguruwe kugeuka tegu kulithibitishwa kwa mtu aliyehukumiwa kifo?

Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha mfungwa nyama yenye vifuko bila kumwambia, siku chache kabla ya hukumu kutekelezwa. Alipompasua baada ya kifo alikuta minyoo michanga imejishikiza kwenye utumbo. Kabla ya hapo wengi waliamini kifuko cha nguruwe na tegu wa binadamu ni viumbe wawili tofauti. Jibu lilipatikana, kwa njia ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu.

Je, wajua Tanzania inalipa kiasi gani?

Wilayani Mbulu, watafiti walikagua ndimi za nguruwe 770 na kukuta vifuko kwa asilimia 17.4 yao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004. Na kwa mwaka 2012, makadirio ya kitaalamu ni wagonjwa wapya zaidi ya 17,000 wa kifafa kinachotokana na tegu nchini, na vifo zaidi ya 200.

Je, wajua dawa ya tegu ni ileile ya kichocho?

Ni prazikwanteli, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wanaijua vizuri. Kwa tegu wa tumboni kipimo ni kidogo, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu. Mtu wa kilo 60 humtosha kidonge kimoja cha miligramu 600. Lakini usikinunue mwenyewe duka la dawa. Dawa hiyo ikikuta vifuko kwenye ubongo inaweza kuamsha uvimbe, maumivu makali ya kichwa na degedege. Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo chako, nenda zahanati, na kama umewahi kuanguka kifafa au kichwa kinakuuma sana mara kwa mara, mwambie mhudumu kabla hajakupa kidonge.